Andiko la dhana la kurasa mbili: anza na jedwali la pesa

Mfadhili akitangaza kwamba anataka kurasa mbili tu, vikundi vingi huchukua pendekezo la zamani la kurasa ishirini na kuanza kulikata. Wanapunguza sentensi hapa na aya pale, wanabana maandishi hadi msomaji akodoe macho, na mwishowe wanatuma kurasa mbili zilizojaa vipande visivyoshikana. Nimeyasoma maandiko ya aina hiyo kwa miaka mingi hapa Nairobi, na mengine niliyaandika mwenyewe. Tatizo lake huwa lile lile: ukurasa wa kwanza unalia, wa pili unaomba pesa, na katikati hakuna daraja.

Andiko la dhana, ambalo wengi huku huliita tu konsepti, lina kazi moja. Linamsaidia mfadhili kuamua kama awaalike mlete pendekezo kamili. Anaposoma anatafuta majibu manne: nini kimeharibika na kwa nani, mtafanya nini, kitabadilika nini, na kwa pesa ngapi. Ninapendekeza mliandike kwa kurudi nyuma. Andikeni sentensi moja, kisha jedwali la pesa, kisha matokeo, na tatizo lije baadaye. Kwenye karatasi mpangilio utarudi wa kawaida, lakini kwenye kuandika, pesa ndiyo inayowalazimisha kusema ukweli kuhusu kazi.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Kuna kikundi cha akina mama Mukuru kwa Reuben, upande wa mtaa wa Mukuru ulio jirani na Eneo la Viwanda. Wanataka kuboresha vituo vya kulelea watoto vya majumbani, vile ambavyo wakazi huviita bebikea. Mfadhili ametangaza ruzuku isiyozidi shilingi milioni 3 kwa miezi 12. Kikundi hiki, hesabu zake na visa vyake nimeviunda kwa ajili ya mwongozo huu, ili kila tarakimu tuione inatoka wapi na inaenda wapi.

Hatua ya kwanza: soma tangazo na kalamu mkononi

Piga mstari chini ya mambo manne: kiwango cha juu cha pesa, muda, nani anaruhusiwa kuomba, na umbo la karatasi. La tatu ndilo linalowaangusha wengi kabla hata hawajaandika neno. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024, na vikundi vya jamii vina sheria yao ya 2022, kwa hiyo cheti cha kikundi na usajili wa shirika ni vitu viwili tofauti. Kama tangazo linataka shirika lililosajiliwa na nyinyi mna cheti cha kikundi tu, tafuteni shirika mwenyeji atakayepokea pesa kwa niaba yenu, mkubaliane kwa maandishi, halafu ndipo mwandike. Mfadhili hatasoma tatizo lenu kama hamstahili kuomba.

Umbo la karatasi nalo liheshimuni. Herufi za ukubwa wa 11 na pambizo la sentimita 2.5 zikishabeba jedwali zinabakiza nafasi ya maneno kama 850 kwa kurasa mbili. Hiyo ndiyo shamba lenu lote.

Hatua ya pili: sentensi moja yenye pengo

Kaeni watu watatu au wanne, si kumi, mwandike sentensi inayotaja mahali, kitu kitakachobadilika, kutoka wapi hadi wapi, na kwa muda gani. Mahali pa pesa acheni wazi. Ya kikundi chetu ilitoka hivi baada ya saa nzima ya kubishana:

"Katika miezi 12, vituo 22 kati ya 30 vya kulelea watoto Mukuru kwa Reuben vitafikisha angalau alama 8 kati ya 10 kwenye orodha ya usafi na usalama, kutoka vituo 5 leo, kwa shilingi ______."

Ubishi ulikuwa kwenye namba 22. Mwanachama mmoja alitaka 30, kwa kuwa mfadhili angefurahi. Lakini walezi huhama, nyumba hubomolewa, na mwingine atafunga kituo akipata kazi nyingine. Mtu anayefadhili miradi ya mitaa ya mabanda anayajua hayo, na akiona 30 kati ya 30 anaanza kuwa na wasiwasi na kila namba nyingine.

Hatua ya tatu: jedwali la pesa

Hapa mkae muda mrefu kuliko popote pengine. Andikeni kazi zote kwenye karatasi kubwa, na kila kazi muivunje hadi mfike kwenye kitu kinachohesabika: mtu kwa mwezi, kikao, ziara, ndoo. Kisha bei. Bei zitoke sokoni na kwa watu mnaowajua, si kwenye bajeti ya mwaka juzi.

Kikundi chetu kilipanga kazi tatu. Ya kwanza ni mafunzo ya Jumapili sita alasiri. Ni Jumapili kwa sababu Jumatatu hadi Jumamosi walezi wana watoto mikononi, na mradi uliowaita siku ya kazi ungewalazimu kufunga kituo na kupoteza mapato. Walezi 30 wanagawanywa makundi mawili ya watu 15, kwa hiyo vikao ni 12. Kila kikao kinakula ukumbi shilingi 3,000, chakula cha watu 17 kwa 350 ambacho ni 5,950, mkufunzi 6,000, na vifaa vya kuandikia 1,050. Jumla ni 16,000 kwa kikao, na 192,000 kwa vikao vyote.

Ya pili ni ziara. Wakufunzi wa mtaani watatu, kila mmoja na vituo 10, wanatembelea kila kituo mara mbili kwa mwezi kwa miezi 9. Posho ni 18,000 kwa mwezi, mara watu 3, mara miezi 9, inakuwa 486,000. Ya tatu ni vifaa: mtungi wa maji wenye bomba, sabuni ya kuanzia, poti, mikeka na sanduku la huduma ya kwanza, 9,500 kwa kituo, 285,000 kwa vituo 30.

Kisha kuna watu wanaoishikilia kazi. Mratibu wa nusu siku analipwa 35,000 kwa mwezi. Hapa ndipo maandiko mengi ya Nairobi huvuja. Mwajiri ana mchango wake kisheria: asilimia 6 ya hifadhi ya jamii, yaani 2,100, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, yaani 525. Kwa hiyo mratibu hagharimu 35,000 bali 37,625, na kwa mwaka ni 451,500. Tofauti ya 31,500 isipoandikwa, itatoka kwenye mitungi ya maji.

| Kazi | Hesabu | Shilingi |
|---|---|---|
| Mafunzo | vikao 12 × 16,000 | 192,000 |
| Ziara za wakufunzi | watu 3 × miezi 9 × 18,000 | 486,000 |
| Vifaa vya vituo | vituo 30 × 9,500 | 285,000 |
| Mratibu | miezi 12 × 37,625 | 451,500 |
| Upimaji | mara 3 × 40,000 | 120,000 |
| Jumla ndogo | | 1,534,500 |
| Uendeshaji | asilimia 10 | 153,450 |
| Jumla kuu | | 1,687,950 |

Mstari wa uendeshaji ndio unaolipa sehemu ya kodi ya ofisi, mhasibu, benki na makato ya M-Pesa. Kila mfadhili ana kiwango chake. Ruzuku za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kwa kawaida haziruhusu zaidi ya asilimia 7. Tafuteni kiwango hicho kwenye tangazo. Kama hakimo, ulizeni kwa barua pepe fupi. Msiufute mstari huu kwa kudhani mtaonekana waungwana, kwa sababu mhasibu atataka kulipwa iwe mstari upo au haupo.

Mtaona jumla haikufika milioni 3. Rasimu ya kwanza ya kikundi ilifika 2,940,000, maana mtu alisema tangazo limeruhusu. Ndani yake mlikuwa na kompyuta mbili, uzinduzi hotelini, na fulana 100. Tulifanya jaribio moja: chukua kalamu nyekundu, toka kwenye kila mstari wa pesa, chora hadi kwenye kazi, toka kwenye kazi chora hadi kwenye ile namba 22. Mtungi ulipata njia moja kwa moja. Ziara zikapata. Fulana hazikupata, na uzinduzi haukupata, vikaondoka. Jambo la kushangaza ni kwamba upimaji nao haukuwa na mstari kwenye rasimu ile. Walikuwa wameahidi namba bila kuweka pesa ya kuihesabu.

Ukishapata jumla, igawanye. Shilingi 1,687,950 kwa vituo 30 ni 56,265 kwa kituo. Vituo hivyo vina watoto 510, kwa hiyo ni kama 3,310 kwa mtoto kwa mwaka, au 276 kwa mwezi. Namba hii ya mwisho iwekeni kwenye andiko. Mfadhili ataihesabu tu, na ni afadhali aikute.

Kama bajeti inatakiwa kwa dola, andikeni kiwango cha kubadilishia na tarehe mliyokitumia, chini ya jedwali, kwa mstari mmoja. Mnamo Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Kikundi ambacho kingeomba dola 10,550 kwa kiwango cha Januari, kikapokea pesa zikibadilishwa kwa 130, kingekosa zaidi ya shilingi 300,000, yaani zaidi ya vifaa vyote vya vituo 30. Kiwango kikiandikwa, mna pa kuanzia mazungumzo ya kurekebisha.

Hatua ya nne: matokeo

Sasa mnajua pesa zinanunua nini, na swali linakuwa zinabadilisha nini. Hivi viwili vinachanganywa sana. Walezi 30 kufunzwa ni kitu mlichofanya nyinyi. Mlezi kunawa mikono kwa sabuni akibadilisha nepi ni kitu kilichobadilika kwake. Mfadhili anataka cha pili, na cha kwanza anakichukua kama ushahidi kwamba mlikuwepo.

Kwa kurasa mbili, matokeo mawili yanatosha. Matatu ni mengi. Kila moja liwe na hali ya mwanzo, lengo, na namna litakavyojulikana. Ya kikundi chetu ni haya:

"Kwanza, vituo vinavyofikisha alama 8 kati ya 10 vitaongezeka kutoka 5 hadi 22. Alama zitatolewa na mtu asiye mkufunzi wa kituo husika, mwezi wa kwanza, wa sita na wa kumi na mbili. Pili, vituo vyenye maji na sabuni mahali pa kubadilishia nepi wakati wa ziara isiyotangazwa vitaongezeka kutoka 6 hadi 25."

Maneno mawili katika hayo yana uzito mkubwa: "asiye mkufunzi" na "isiyotangazwa". Mkufunzi akijipimia vituo vyake mwenyewe atatoa alama za huruma. Ziara ikitangazwa, sabuni itakuwepo siku hiyo tu. Maneno hayo machache yanamwonyesha msomaji kwamba mnaijua kazi, na hayachukui hata nusu mstari.

Kama hamna hali ya mwanzo, tumieni wikendi mbili mkaihesabu kabla ya kuandika. Daftari la shule na watu wanne wanatosha. Neno "itabainishwa baadaye" kwenye pendekezo kamili la kurasa ishirini linaweza kusameheka. Kwenye kurasa mbili linaacha shimo katikati.

Hatua ya tano: tatizo

Tatizo ndilo kila mtu hukimbilia kuandika kwanza, na ndilo hukua kupita kiasi. Lipeni maneno 150, yasizidi 180. Hii hapa aya ya kikundi chetu kama ilivyoanza:

"Watoto ni taifa la kesho, na miaka ya kwanza ya maisha ni muhimu sana katika ukuaji wao. Hata hivyo, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kuna changamoto mbalimbali zikiwemo umaskini, ukosefu wa ajira, mafuriko na msongamano. Tatizo kubwa ni ukosefu wa mafunzo kwa walezi. Kwa hiyo kuna haja kubwa ya kuwapa walezi mafunzo."

Hakuna uongo hapo, lakini hakuna Mukuru. Aya hiyo ingefaa Kisumu, Mombasa au Kampala. Kasoro kubwa zaidi imo kwenye sentensi mbili za mwisho: tatizo limeelezwa kuwa ni kukosekana kwa dawa ambayo kikundi tayari kinataka kuuza. Ukisema tatizo ni ukosefu wa mafunzo, jibu ni mafunzo, na msomaji hajajua mtoto anaumia wapi. Njia ya kuligundua kosa hili ni rahisi: futa neno "ukosefu wa" popote lilipo na uone kama kunabaki kitu kinachoonekana kwa macho.

Baada ya kurudi kwenye daftari la matembezi, aya ikawa hivi:

"Alfajiri, wazazi wa Mukuru kwa Reuben wanaokwenda kusaka kibarua Eneo la Viwanda huwaacha watoto wao wadogo kwenye bebikea za majumbani kwa shilingi 80 kwa siku. Mwezi Machi tulitembelea vituo 42 vyenye watoto 714. Katika vituo 31 mlezi yuko peke yake. Katika 34 hapakuwa na maji na sabuni mahali pa kubadilishia nepi. Tulikuta watoto wanaoharisha wakilala mkeka mmoja na wazima, na watoto wakilazwa mchana kutwa ili mlezi awamudu. Walezi 36 walisema hakuna mtu aliyewahi kuwatembelea na kuwaonyesha namna nyingine ya kuifanya kazi. Mzazi hana pa kumhamishia mwanawe kwa bei hiyo."

Ni fupi vya kutosha na inabeba mara kumi. Vituo 30 vya mradi ni kati ya hivyo 42 vilivyotembelewa. Takwimu za nchi nzima zimeondoka, na hakuna aliyezikosa, kwa sababu mfadhili anazijua kuliko sisi. Asichokijua ni kilichomo kwenye daftari letu. Sentensi ya mwisho kabla ya mzazi, ile ya walezi 36, ndiyo daraja: inaonyesha sababu ambayo mradi unaweza kuigusa. Umaskini na kodi ya nyumba ni sababu pia, lakini shilingi milioni moja na laki saba haziwezi kuzigusa, kwa hiyo hazipewi nafasi.

Aya hiyo nilimsomea mama mmoja mwenye kituo, tukiwa tumekaa mlangoni kwake, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kashika sketi yake. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapo kwa kulazwa, dada, sema ukweli wote. Nikiwaacha waamke wote kumi na saba, mmoja atatoka barabarani." Tukaongeza maneno "ili mlezi awamudu". Bila hayo aya ilikuwa inamlaumu yeye.

Hatua ya sita: njia

Msiorodheshe kazi tu, jedwali limeshazitaja. Aya ya njia ieleze kwa nini kazi hizi, kwa mpangilio huu, zitaleta badiliko lile. Kikundi chetu kilihitaji kujibu swali moja ambalo msomaji yeyote mwenye uzoefu angeliuliza: walezi wakishafunzwa, nini kitawazuia kurudi kwenye mazoea? Jibu lao ni ziara, na ndiyo maana ziara zina pesa nyingi kuliko mafunzo. Waliandika:

"Somo la Jumapili linafuatwa na mkufunzi anayefika kituoni mara mbili kwa mwezi, akikaa saa moja na nusu na kufanya kazi pamoja na mlezi watoto wakiwepo. Mwaka jana tulijaribu hivi katika vituo 4 kwa miezi mitatu bila ufadhili. Vitatu vilipanda kutoka alama 4 hadi 8. Cha nne kilifungwa mlezi alipohama."

Sentensi ya kituo cha nne nilipigania ibaki. Inaeleza kwa nini lengo ni 22.

Kalenda nayo iwe ya Nairobi. Mradi unaanza Julai, mafunzo yanafanyika Agosti na Septemba, ziara zinaanza Septemba hadi Mei, na upimaji wa mwisho ni Juni. Ziara kwa hesabu ni 540, lakini Desemba familia nyingi huenda ushago na vituo hufungwa wiki mbili au tatu. Wakaandika "angalau 500". Mvua za masika, Machi hadi Mei, huleta maji majumbani Mukuru, kama ilivyokuwa 2024, kwa hiyo mafunzo yamewekwa mbali nazo, na sentensi moja inasema kwamba kituo kikifurika, mkufunzi atamfuata mlezi alikohamia. Hatari moja ya kweli yenye jibu inatosha.

Wasifu wa kikundi na kitakachobaki baada ya pesa vipate maneno kama 100 kwa pamoja: mmekuwepo tangu lini, mmewahi kushika pesa kiasi gani na nani alizikagua, na nani ataendelea kutembelea vituo. Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya vituo vya kulelea watoto ya 2017, na kikundi kilieleza kwamba orodha ya alama 10 itatumika kumsaidia mlezi kujiandaa kwa usajili. Msiahidi kwamba kaunti itachukua mradi kama hamna barua yake.

Hatua ya saba: kubana

Wafadhili wengi hapa husoma Kiingereza, na ninawashauri muandike Kiswahili kwanza hata hivyo. Walezi na wanachama wataweza kulisahihisha. Ila kumbukeni kwamba kitenzi chetu hubeba mengi: "tutawatembelea" ni neno moja, na kwa Kiingereza ni matatu au manne. Kwa hiyo rasimu ya Kiswahili isizidi maneno 600, la sivyo tafsiri itamwagika ukurasa wa tatu.

Uwezo huo huo wa kitenzi ndio kisu chenu. "Kufanya ziara za ufuatiliaji kwa walezi" inakuwa "kuwatembelea walezi". "Kuwajengea walezi uwezo kuhusu masuala ya usafi" inakuwa "kuwaonyesha walezi namna ya kuzuia kuharisha", ambayo si fupi sana lakini sasa inasema kitu. "Changamoto mbalimbali", "wadau husika" na "kwa lengo la kuhakikisha kwamba" huondoka bila kuacha kovu. Mkishamaliza kufuta maneno na bado mmezidi mistari sita, acheni kufuta maneno. Ondoeni wazo zima. Aya iliyonyofolewa vipande vidogo vidogo hukauka, na msomaji huanza kurudia sentensi ili aelewe.

Msipunguze herufi hadi 9, wala pambizo. Msomaji mwenye maandiko 200 mezani huona hilo kabla hajasoma jina lenu.

Hatua ya nane: dakika tatu na kikokotoo

Mpe karatasi mtu asiye wa kikundi, kwa dakika tatu, kisha mnyang'anye. Muulize yale maswali manne ya mwanzo. Akikosa la matokeo, matokeo yamejificha. Yapandisheni juu, hata kwenye sentensi ya kwanza ya ukurasa. Akikosa la pesa, jumla haionekani.

Kisha mtu mmoja ashike kikokotoo na mwingine asome kila namba kwa sauti, kuanzia kichwani hadi chini ya jedwali. Miaka kadhaa nyuma nilituma andiko ambalo ukurasa wa kwanza ulisema watoto 340, na jedwali lilihesabu vifaa vya 400. Tulikuwa tumebadilisha lengo usiku wa mwisho na kusahau upande mmoja. Jibu la mfadhili lilikuwa swali la mstari mmoja: watoto ni wangapi? Hatukualikwa. Namba 30, 22, 5 na 510 ziandikeni pembeni, na mzitafute moja moja kila zinapotokea.

Hifadhini kama PDF, jina la faili liwe jina la kikundi na jina la tangazo, na mtume siku mbili kabla, maana umeme na intaneti havina adabu siku ya mwisho. Halafu daftari la matembezi, orodha ya alama, na karatasi ya bei viwekwe kwenye faili moja mezani kwa mratibu. Mfadhili akipendezwa atapiga simu, mara nyingi bila taarifa, na atauliza jambo kama hili: "Hii 34 isiyo na sabuni, mliihesabuje?" Mratibu afungue daftari, amsomee tarehe, kijiji, na majina ya waliotembelea.